Lachinayi Lachinayi

Alhamisi ya nne au Alhamisi ya mwisho? Kwa siku tatu swali hilo lilininyima usingizi katika hema letu la turubai, kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi. Miezi mingi maneno hayo mawili ni kitu kimoja, kwa sababu mwezi una Alhamisi nne na ya nne ndiyo ya mwisho. Novemba ile, ya mwaka 1995, ilikuwa na Alhamisi tano: tarehe 2, 9, 16, 23 na 30.

Shangazi yangu alikuwa amelala upande wa pili wa pazia. Usingizi wake ulikuwa mwepesi tangu tulipokimbia Burundi, na nilijua anasikia kila nikigeuka. Mtoto wake mmoja tu ndiye aliyekuwa amebaki hai, binti aliyekuwa amefika Marekani na kuomba mama yake amfuate. Barua ilikuja mwanzoni mwa Novemba kutoka ofisi ya Wamarekani mjini Lilongwe. Shangazi aje mwenyewe, alete hati ya kuzaliwa yenye muhuri wa uongozi wa kambi, na asipofika kabla ya mwezi kwisha faili lake litafungwa. Wakimbizi walipokelewa Alhamisi tu, isipokuwa siku za sikukuu za nchi yao.

Mstari huo wa mwisho ndio ulionimaliza. Mimi nilikuwa na lisansi, yaani shahada ya chuo kikuu, niliyoipata kwa Kifaransa, na Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza. Lakini nilikumbuka kwamba Wamarekani wana sikukuu ya kushukuru mavuno, mwezi wa Novemba, siku ya Alhamisi. Tarehe haikai mahali pamoja, siku ya juma ndiyo inayokaa. Ni Alhamisi ipi, ya nne au ya mwisho, sikukumbuka.

Hati yenye muhuri ingekuwa tayari Jumanne ya tarehe 21. Zilibaki Alhamisi mbili tu, 23 na 30, na moja kati ya hizo mlango ungekuwa umefungwa. Karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini ilitolewa mara moja kwa mwezi kwa kila mtu, na iliandikwa tarehe moja. Ukikuta mlango umefungwa, umerudi na mikono mitupu, na ruhusa yako imekwisha.

Kwa hiyo nilitumia ruhusa yangu mwenyewe kwenda kuuliza. Nilifika Lilongwe tarehe 16 asubuhi, nimepanda lori la mahindi, shati limejaa vumbi jekundu. Mvua ilikuwa bado haijaanza na joto lilikuwa linakaba. Langoni palikuwa na foleni, na wenye miadi waliitwa kwanza. Jua lilipofika utosini, mwanamke wa mapokezi alitoka kutuambia wasio na miadi hawataingia. Nikamkimbilia. Nikauliza kwa Kiingereza changu, hakunielewa, au mimi sikujieleza. Akajaribu Kichewa, polepole, kama anayesema na mtoto:

"Titseka Lachinayi lachinayi."

Titseka nililijua, tutafunga. Lachinayi nililijua pia, ni Alhamisi. Alilisema mara mbili, nami nikachukulia kama tunavyosema sisi, Alhamisi Alhamisi, yaani kila Alhamisi. Haikuingia akilini. Wangefungaje kila Alhamisi na hiyo ndiyo siku yao ya kupokea watu? Nikadhani ananisisitizia tu, Alhamisi hasa, si siku nyingine. Nikasema zikomo, asante, nikaona aibu kuuliza tena. Aibu ile nimeirudia kichwani mara nyingi kuliko ninavyoweza kueleza.

Mlinzi wa lango alikuwa amewahi kufanya kazi Mbeya na Kiswahili chake kilikuwa kizuri.

"Ndugu, usihangaike," aliniambia. "Hiyo sikukuu ni Alhamisi ya mwisho wa mwezi. Siku hiyo nakaa hapa peke yangu na mbwa, na mbwa ndiye anayekula nyama."

"Una hakika?"

"Nilianza hapa mwaka tisini na moja, katikati ya mwaka. Novemba nne nimeziona kwa macho yangu. Kila mwaka ni ya mwisho. Unataka nikuapie?"

Nilirudi kambini nikiwa nimetulia kwa muda wa safari tu. Ikiwa ni ya mwisho, watafunga tarehe 30, na shangazi lazima aende 23. Nilimwambia hivyo, naye akaanza kufua kitenge chake kizuri. Kisha usiku ukaingia na nikajiuliza mlinzi ameona nini hasa.

Asubuhi nilienda kwa katekista, jirani yetu Mnyarwanda aliyepitia Bukavu, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha huko, ndiyo akiiita njo. Yeye ndiye aliyehesabu Majilio na Kwaresima za kambi nzima na hakuna aliyembishia mambo ya kalenda. Nilimkuta anakwangua sufuria ya nsima, ugali wa huko, ya jana.

"Ah, Bwana Lisansi!" alisema. "Macho mekundu vile, ni pombe ama ni vitabu?"

Nikamweleza. Nikamwuliza: tuseme sikukuu ni Alhamisi ya nne, si ya mwisho. Itakuwa lini?

"Alhamisi ya juma ya ine," alisema, akaanza kuhesabu kwa vidole vyenye nsima. "Mwezi ulianza katikati, siku ya tatu ya kazi. Ile haikukuwa juma nzima, ni kipande. Juma inaanza yenga, siku ya Bwana. Yenga ya kwanza njo tarehe tano. Kisha kumi na mbili, kumi na tisa, makumi mbili na sita. Juma ya ine ni ile. Alhamisi yake njo tarehe makumi tatu."

"Kwa hiyo ya nne na ya mwisho ni ileile?"

"Njo vile. We unasoma mingi, njo maana haulale. Bantu bawili banakuambia kitu kimoja, unataka na malaika aje?"

Watu wawili, ndiyo. Mlinzi na katekista, kila mmoja kwa njia yake, walifika tarehe 30. Mtu mwingine angelala. Mimi nilihisi kuna kitu kimekaa vibaya katika hesabu ya katekista na sikuweza kukishika.

Jumamosi nilikwenda kununua nyanya kwa mama mmoja Mmalawi aliyekuja kila siku kupanga mafungu yake kando ya njia iendayo kambini. Tulizoea kufundishana, yeye maneno yangu, mimi maneno yake, na kila nikikosea alicheka mpaka akashika tumbo. Siku hiyo alikuwa na kitambaa kipya, na nikamtania kwamba amepata mchumba.

Alisema ni kitambaa cha kikundi cha akina mama wa kanisa lake. Wanakutana Lachiwiri lachiwiri.

Nikasimama na nyanya mkononi. Lachiwiri ni Jumanne. Nikamwambia, basi Jumanne hii ijayo, tarehe 21, mtakuwa kanisani tena.

"Ayi!" alisema. Si Jumanne hii. Wamekutana juzijuzi, tarehe 14. Watakutana tena mwezi wa kumi na mbili, tarehe 12.

Nikamwambia, lakini umesema Jumanne Jumanne. Hapo akacheka, akashika tumbo, akamwita mwenzake wa viazi aje amsikilize mkimbizi. Kisha akaniwekea nyanya chini, mojamoja, na kwa Kichewa cha polepole akanieleza. Kwao Jumatatu ndiyo mwanzo wa kazi, kwa hiyo Jumanne huitwa ya pili, lachiwiri. Na ukitaka kusema ya pili katika mwezi, unasema lachiwiri tena. Neno la kwanza ni jina la siku, neno la pili ni hesabu. Jumanne ya pili.

Na Alhamisi kwao huitwa ya nne. Lachinayi lachinayi. Alhamisi ya nne.

Nilikaa palepale kwenye vumbi. Mwanamke wa mapokezi alikuwa amenipa jibu kamili na mimi nikalisikia kama kigugumizi. Mama wa nyanya aliacha kucheka, akaniuliza kama ninaumwa.

Hata kosa la katekista nililiona hapohapo, katika zile nyanya. Kikundi cha mama wa nyanya kilikutana tarehe 14 kwa sababu Jumanne ya kwanza ilikuwa 7 na ya pili 14. Hawahesabu majuma, wanahesabu Jumanne zenyewe. Vivyo hivyo Alhamisi ya tarehe 2 ilikuwa Alhamisi kweli, hata kama juma lake lilikuwa kipande. Ya kwanza yoyote haiwezi kupita tarehe 7, kwa maana siku saba za mwanzo zina kila jina mara moja. Ukiongeza siku ishirini na moja unapata ya nne, kati ya 22 na 28, basi. Tarehe 30 haiwezi kuwa ya nne kamwe. Mbili na ishirini na moja ni 23.

Lakini mlinzi aliyeona kwa macho yake? Nilirudi hemani nikakata kipande cha boksi na kuhesabu nyuma. Mwaka hadi mwaka siku husogea moja, na mbili ukipita mwezi wa pili wenye siku ishirini na tisa. Novemba hii ilianza Jumatano. Ya mwaka jana Jumanne, ya kabla yake Jumatatu, ya tisini na mbili Jumapili, ya tisini na moja Ijumaa. Novemba huwa na Alhamisi tano ikianza Jumatano au Alhamisi tu. Katika miaka yote minne ya mlinzi haikutokea hata mara moja. Hakusema uongo. Alikuwa bado hajaona.

Ningepaswa kufurahi. Badala yake niliwaza kwamba hesabu yangu yote imesimama juu ya neno moja la lugha nisiyoijua, lililosemwa mara moja juani, na mwalimu wangu ni mafungu ya nyanya. Nikishika 23 na nimekosea, shangazi atarudi kutoka mlango uliofungwa. Nikishika 30 na nimekosea, ni hivyohivyo. Na angekwenda peke yake, akichechemea kwa mguu wake mmoja mbaya, maana ruhusa yangu nilikuwa nimeshaitumia.

Jumapili jioni nilimweleza yote. Kitenge chake kilikuwa kimekauka, amekikunja chini ya mto. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Mlinzi anasema nini?"

"Kwa maneno yake, uende 23."

"Katekista?"

"Vilevile."

"Na wewe, mwanangu?"

"Tarehe thelathini, shangazi."

Alikitoa kitenge chini ya mto, akakikunja upya. "Huyo mtoto nimembeba mgongoni siku tisa tukikimbia, hawezi kutembea," alisema. "Ukikosea, sitakulaumu. Lakini usiniambie tena kesho kwamba umebadilisha mawazo. Hilo ndilo sitaliweza."

Jumatatu orodha ya ruhusa ilikuwa inafungwa saa sita. Nilisimama kwenye mstari tangu asubuhi, na mara mbili nilitoka nikarudi nyuma, nikajifanya nimesahau kitu. Karani aliponifikia aliuliza jina la shangazi, kisha tarehe. Akaniona nimekawia, akanisukumia daftari na kalamu niandike mwenyewe.

Nikaandika 30, kwa tarakimu. Kisha, ili nisiweze kuifuta, nikaiandika kwa maneno pembeni yake, na kumrudishia kalamu.