Punguzo la Mjomba

Mama alikuwa analala ameketi. Rovu lilikuwa limemwota shingoni kwa miaka mingi bila kumsumbua, kisha mwaka ule likaanza kumbana koo, na akilala chali pumzi ilikuwa inatoka kwa mlio mwembamba ambao ulisikika hadi chumba cha pili. Alikuwa haulalamikii. Alisema tu kwamba kitanda kimemchosha, akaegemea ukuta na mto mgongoni.

Mimi wakati ule nilikuwa karani kwenye kampuni ya kuchoronga miamba huko Geita, na kampuni ilikuwa imetukatia bima ya matibabu, jambo ambalo watu wengi nyumbani waliliona kama hadithi ya mjini. Sikuwa na mume, kwa hiyo niliruhusiwa kumwandikisha mama. Kijitabu cha bima kilieleza kwamba ukitibiwa kwenye hospitali iliyo kwenye orodha yao, wao hulipa sehemu nne kati ya tano za gharama na wewe hulipa ile moja iliyobaki. Kwa upasuaji, hata gharama ikipanda vipi, hawatoi zaidi ya laki nne. Kinachozidi hapo ni chako.

Nikaomba ruhusa kazini, nikamchukua mama Tinde, nikampeleka hospitali moja binafsi ya Shinyanga mjini iliyokuwa kwenye orodha hiyo. Daktari wa upasuaji alikuwa anakuja kutoka Mwanza, na safari hiyo angekuwepo keshokutwa. Mama akikosa nafasi hapo, asubiri tena. Dada wa mapokezi akapiga hesabu ya kitu kimoja kimoja: chumba cha upasuaji, daktari, dawa ya usingizi, kitanda, sindano, pamba. Ikafika laki sita. Bima ingetoa laki nne yake, sisi tulipe laki mbili.

Tulikuwa na elfu themanini na tano. Sitini zilikuwa zangu, zilizobaki mama alizipata kwenye dengu. Nikamwambia tutauza ng'ombe.

"Ng'ombe wale ni ada ya mdogo wako," mama akasema. "Ukimgusa hata mmoja, nirudishe Tinde leo hii."

Nilikasirika, kwa sababu nilijua hatanii. Mama akishasema kitu kwa sauti ya chini namna ile, huwezi kumtoa hapo hata kwa trekta. Basi nikatuma ujumbe Maganzo kwa mjomba, mdogo wake mama, dalali wa almasi. Hakuwa na fedha. Mawe yalikuwa yamemkimbia mwaka mzima. Lakini kwetu dada akiwa na shida, kaka ndiye wa kumsemea, na mjomba alikuwa anajua kusema. Nilishamwona akimpunguzia mtu bei ya jiwe kwa kulitazama tu na kuguna.

Alifika asubuhi ya siku iliyofuata, kofia mkononi na vumbi kwenye nyusi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Ni nani mwenye mali?"

Mwenye mali alikuwa mzee wa Kihindu ambaye familia yake ilikuwa na duka la vitambaa kabla ya kuwa na hospitali. Alitupokea ofisini kwake, akaagiza chai. Nilimwona mjomba akitulia kwenye kiti, nami nikajua wametambuana: wote wawili walikuwa watu wa sokoni.

Kabla mjomba hajafungua mdomo, mimi nikauliza swali lililokuwa linanikera tangu jana. Kijitabu kilitaja kwamba hospitali za orodha zina upasuaji wenye bei ya jumla, iliyokubaliwa na bima tangu mwanzo. Je, rovu limo?

Mzee akavuta faili, akatazama. "Limo. Laki nne na nusu. Ndani yake mna daktari, chumba, dawa ya usingizi, kitanda kwa siku tano, kufunga kidonda na dawa za kawaida. Nje ya hapo ni damu, ikihitajika, na kupima nyama itakayotolewa. Na siku zikizidi tano."

"Mbona jana tuliambiwa laki sita?"

"Jana hamkuuliza. Msichana ni mgeni, ameandika kama mtu asiye na bima. Lilikuwa kosa letu."

Nikapiga hesabu haraka. Sehemu nne za laki nne na nusu ni laki tatu na sitini, iko chini ya kikomo cha bima. Yetu elfu tisini. Nilihisi kama mtu aliyetua mtungi. Tulipungukiwa elfu tano tu, na elfu tano ningekopa hata kwa muuza nyanya.

Mjomba akaguna.

Hapa lazima nieleze namna madalali wa Maganzo wanavyofikiri, maana bila hivyo mjomba ataonekana mjinga, na hakuwa mjinga. Mtu akikuletea mawe kwenye karatasi iliyofungwa, akakutajia bei moja ya yote, unajua ndani mna takataka zilizofichwa chini ya jiwe moja zuri. Dalali mwenye akili hununua moja moja, akilisukuma kila jiwe kwa kidole. Kwa hiyo mjomba aliposikia "bei ya jumla" aliona karatasi iliyofungwa.

"Achana na hiyo," akaniambia. "Turudi kwenye laki sita. Kitu kimoja kimoja."

Wakaanza. Sikuwahi kuona kazi kama ile. Mjomba alishuka kwenye pamba, akapanda kwenye kitanda, akauliza kwa nini glavu zina bei ya viatu. Mzee alikuwa anacheka kwa tumbo, anakunywa chai, anapunguza. Mwisho akasema, "Haya, asilimia kumi na tano ya yote. Zaidi ya hapo nifunge milango."

Mjomba akanigeukia, uso unang'aa. "Nimemtoa elfu tisini."

Nilikuwa nimeshaandika kwenye kiganja. Laki sita ukitoa elfu tisini ni laki tano na kumi. Sehemu nne za hiyo zinapita laki nne, kwa hiyo bima inagota hapo hapo kwenye laki nne. Sisi laki moja na kumi. Nikamwonyesha mjomba kiganja changu. "Umepunguza tisini, na bado ni ghali kuliko ile ambayo hukuipunguza hata senti. Na hii haina mwisho. Mama akilazwa siku moja zaidi, wanaandika. Akiongezwa sindano, wanaandika. Na bima imeshafika mwisho wake, kwa hiyo kila kinachoongezwa ni chetu chote."

Alikitazama kiganja changu kwa muda mrefu, kisha akamgeukia mzee bila aibu yoyote. "Basi tupunguzie hiyo ya jumla."

Mzee akafikiri. Nadhani alikuwa ameanza kumpenda. "Elfu hamsini. Iwe laki nne kamili. Kwa sababu ya chai tuliyokunywa."

Mjomba alifumba macho akihesabu. Elfu tisini ukitoa hamsini ni arobaini. Akatabasamu. Nikamkatiza: bima haitabaki kulipa laki tatu na sitini. Inalipa sehemu nne za bei inayotozwa kweli, na bei imeshuka. Sasa watatoa laki tatu na ishirini, sisi themanini. Katika hamsini aliyopigania, arobaini ni nafuu ya bima, na kumi ni yetu.

Mjomba aliumia. Sitanii, niliona ameumia kama mtu aliyeibiwa. Alikuwa hana senti ya kumpa dada yake, amekuja na mdomo tu, na kazi ya mdomo wake inakwenda Dar es Salaam kwa watu wa bima asiowajua. Akasogeza kiti, akasema polepole, kwa lugha ya Maganzo. Mzee aandike laki nne na nusu kwenye karatasi. Bima watoe laki tatu na sitini yao. Sisi tutoe arobaini. Mzee apate laki nne yake ile ile, na hakuna anayelia. Kule kwao hiyo huitwa cha juu, na hakuna biashara isiyo nayo.

Mzee akaweka kikombe chini. "Ndugu yangu, hiyo naijua. Lakini hapo nitakuwa nimewaandikia watu wa bima bei ambayo sikuipokea. Wanaweka sehemu ya tano kwa mgonjwa ili naye alipie kitu cha kweli. Nikiisamehe kwa siri, ninawatoza wao zaidi ya haki. Wakijua, wananitoa kwenye orodha, na wagonjwa wote wa bima wanakosa pa kwenda. Punguzo nimelitoa, litaandikwa lilivyo."

Mjomba akasimama, akavaa kofia, akatoka.

Nilitamani kumvuta koti. Najua maana ya kutoka vile: Maganzo dalali hutoka ili aitwe, na akiitwa bei imeshavunjika. Nikamtazama mzee. Hakuita mtu. Alivuta faili jingine, akaanza kulisoma.

Mama alikuwa kwenye benchi la nje, ameketi wima, pumzi yake ikipiga ule mlio. Mjomba alikuwa amesimama karibu naye, mgongo kwa mlango, akisubiri kuitwa. Alisubiri sana. Nilimweleza mama yote, na hasira yangu nikaitia ndani: bima, cha juu, arobaini zinazopotea.

Mama akauliza jambo moja. "Yetu sisi ni ngapi?"

"Themanini."

"Na tunazo?"

"Tunazo. Na zinabaki tano za supu."

Akamgeukia mdogo wake. Alisema kwa Kisukuma, taratibu, akipumzika katikati ya maneno. Alimwambia kwamba ameshampunguzia vya kutosha, na kwamba yeye hana shida na hao watu wa bima wapate wanachopata. Anataka kulala.

Dalali anayerudi mwenyewe kwenye bei aliyoikataa anachekwa hadi Mwadui. Mjomba alivua kofia, akarudi ndani. Nilimfuata. "Mzee," akasema, "nimerudi." Mzee hakucheka. Alituandikia hati ya laki nne, punguzo likionekana wazi, akaipeleka bima kwa faksi. Kibali kilirudi mchana. Hata nyama ilipopelekwa kupimwa baadaye, kwa kuwa bima ilikuwa haijafika kikomo chake, nayo ilitoa sehemu zake nne.

Siku ya tatu baada ya upasuaji mjomba alikuwa na zamu ya kukaa na mama mchana, mimi nimekwenda kununua supu. Niliporudi nilimkuta koridoni amemshika nesi mkono. "Dada hasikiki," alikuwa anarudia. "Dada hasikiki."

Tulikimbia ndani wote watatu. Mama alikuwa amelala chali, bila mto wa mgongoni, bandeji shingoni, na ule mlio haukuwepo. Nesi akainama, akaweka kiganja karibu na pua yake, akatutazama kwa mshangao.

"Anapumua vizuri tu," akasema. "Mlitaka asikike vipi?"

Mjomba akaketi chini sakafuni, akaweka kofia usoni, akalia.