Pini Tatu na Jumla Isiyohama

Wifi yangu ameshona mashati tangu hajaolewa, na chama chetu cha mafundi cherehani kilimchagua kukagua ripoti ya mwaka kwa sababu haoni haya kuuliza. Mwaka huu alikuwa na lake pia. Baki ya chama tunagawana sawa, watu arobaini. Ripoti ya kwanza ilisema baki milioni nne, yaani laki moja kila mtu, na laki moja ndiyo aliyokuwa akidaiwa na muuza vyerehani. Asipolipa, cherehani kinarudi dukani.

Kisha mhasibu akaleta ripoti ya pili. Akasema ni ileile, imenyooshwa tu.

"Nguo ikinyooshwa haipungui," wifi akaniambia. "Njoo unisomee."

Nikasoma ya zamani mstari kwa mstari, yeye akifuata kwenye mpya kwa kidole. Kilichobadilika, anachoma pini. Mapato milioni tisa na laki nne, vilevile. Mishahara, vilevile. Ukarabati wa paa milioni moja na laki mbili, sasa milioni mbili na laki moja: pini. Usafiri laki nne, sasa laki saba: pini. Mengineyo, vilevile. Jumla ya matumizi milioni tano na laki nne, vilevile. Baki milioni nne, sasa mbili na laki nane: pini.

Akarudia kujumlisha matumizi. Yalifika milioni sita na laki sita.

"Baki wameishusha, jumla wameisahau," akasema. "Mwizi kafunga mlango, kaacha mkia nje."

Paa lenyewe linatuvujia mpaka leo.

Nilimwambia tunyamaze mpaka mkutanoni. Hakusikia. Kwake kosa huonyeshwa kwanza aliyelifanya, kama mshono uliopinda. Hivyo ndivyo alivyofunzwa kazi. Akampelekea mhasibu ripoti zote mbili, pini zikiwa humo humo, akamweleza mstari kwa mstari. Mhasibu akamshukuru sana, akamwita mama.

Siku ya mkutano, mlangoni, kila mtu alirudisha karatasi za zamani ndipo akapewa mpya. Nami nilirudisha zangu, mjinga mwenzake. Tukafungua. Paa, milioni mbili na laki moja. Jumla, milioni sita na laki sita. Kila kitu kinakubaliana.

Wifi akasimama, akasema jumla ilikuwa nyingine. Mwenyekiti akamwomba aionyeshe. Hakuwa nayo. Ile ilikuwa rasimu, akaelezwa kwa upole, na chama kinamshukuru kwa kusaidia kuisahihisha. Watu wakapiga makofi. Walidhani wanampongeza.

Tulipata elfu sabini kila mtu. Muuza vyerehani hakutaka nusu nusu. Alikuja na mkokoteni, akakibeba.

Mhasibu, kwa uungwana wake, alimrudishia pini zote tatu. Wifi amezichoma ukutani, pale kilipokuwa cherehani. Vifungo vya wateja anashona kwa mkono.