Kupima Kahawa Hakukuwamo Kwenye Wasifu

Muhtasari wa mazungumzo yangu na watafuta kazi niliuandika upya mara nne. Mada ilikuwa kusoma tangazo la kazi na kuoanisha wasifu nalo. Mambo hayo nilijifunza peke yangu, kwa kunakili matangazo ya magazeti makuukuu, kwa hiyo niliogopa swali lolote lisilokuwamo kwenye karatasi yangu. Ilikuwa miaka ya tisini, mashirika ya wakimbizi yakitafuta wafanyakazi Karagwe nzima, na ukumbi wa parokia Nyabiyonza ulijaa.

Nilianza vizuri. Nilibandika tangazo la mtunza ghala, tukapigia mstari mambo ya lazima: kujua kusoma na kuandika, uzoefu wa kupokea mizigo na kutunza daftari. Kiingereza kilikuwa sifa ya ziada tu.

"Penye lazima, jibu lako likae juu kabisa," nikasema.

Kisha nikaorodhesha ubaoni kanuni zangu hadi ya sita, niliyoipenda kuliko zote: usiandike kazi isiyo na barua ya ajira.

Mama mmoja wa makamo alinipa wasifu wake. Aliitaka kazi hiyohiyo, na mwisho wa kupokea maombi ulikuwa kesho yake saa sita mchana. Karatasi ilianza na ukoo, ikaja kwenye ubatizo, kipaimara, ndoa. Kazi: mkulima.

"Mama, wenye ghala hawaulizi kipaimara."

"Sasa mwalimu, watamwajiri mtu wasiyemjua kwao?"

Ukumbi ukacheka, nami sikuwa upande uliocheka. Nikamuuliza kama amewahi kupokea mzigo wowote.

"Mzigo? Hapana. Kahawa tu."

Jirani yake akadakia. "Huyu ndiye anayetupimia pale chama cha msingi cha wakulima, misimu saba sasa. Ukimletea kahawa haijakauka anakurudisha nayo nyumbani, hata uwe shemeji yake."

"Hiyo si kazi," mama akasema. "Wenzangu walinichagua tu. Barua sina." Akaionyesha kanuni ya sita kwa kidole.

Kanuni ile hakunifundisha mtu. Niliitunga kwa kuogopa kuitwa mwongo, maana mimi mwenyewe sikuwa na barua hata moja. Nilitamani kuitetea kidogo. Nikaifuta kwa kiganja, nikaandika: taja ulichofanya, na mtu atakayethibitisha.

Tukakaa naye. Juu kabisa tukaweka: mpokeaji wa kahawa, misimu saba, kupima, kukagua ukavu, kuandika daftari la mapokezi. Mdhamini: mwenyekiti wa chama. Kipaimara alikubali kitoke. Ukoo alikataa katakata, nikampa mstari mmoja chini.

Wiki tatu baadaye nilimkuta sokoni.

"Shikamoo mama. Walikuita?"

"Marahaba. Waliniita, wakanipa magunia kumi niyapokee na kuyaandika mbele yao. Naanza Jumatatu."

Nilifurahi, lakini sikuweza kujizuia. Nikamuuliza kama walisema lolote kuhusu wasifu.

"Walisema ni mfupi."