Risiti Arobaini na Saba

Wino hakupi mkono. Anakupa kiwiko, kwa sababu vidole vyake vimekaa na rangi nyeusi kwenye kucha tangu akiwa kijana, na sabuni zote alizowahi kununua zimeshindwa. Jina lake la kwenye vyeti nimeliona mara moja tu, kwenye mkataba ninaotaka kuueleza. Mtaa mzima, hata mke wake akikasirika, unamwita Wino.

Nimepita kwenye maduka ya uchapaji katika miji mingi, na yote yana harufu ile ile ya mafuta ya taa, gundi na karatasi mpya. La Wino lilikuwa chumba kimoja kirefu, mlango wa bati, sakafu yenye madoa yaliyokauka. Katikati ilisimama mashine ya ofseti aliyoinunua ikiwa imeshatumika, kubwa kama ng'ombe aliyelala. Pembeni kulikuwa na meza ya kukatia karatasi, na kwenye rafu kifaa kidogo cha chuma cha kugonga namba. Hicho ndicho kilichokuwa kinamlisha. Kazi yake hasa ilikuwa vitabu vya risiti: vya shule, vya zahanati, vya maduka ya vifaa vya ujenzi. Namba zifuatane, vitobo vya kuchania vikate sawa, nakala ya pili isomeke. Alijivunia kwamba katika vitabu vyake namba haijawahi kurukwa.

"Mtu akipoteza risiti yangu," alikuwa akiwaambia wateja, "amepoteza mwenyewe. Mimi sikupoteza."

Mashine ile aliinunua kwa mkopo wa milioni kumi kutoka chama cha akiba na mikopo kilichokuwa mitaa miwili kutoka dukani. Muda miaka kumi, riba asilimia moja na nusu kwa mwezi, na mashine yenyewe ndiyo dhamana. Kwenye mkataba palikuwa na visanduku vitatu. Malipo kamili, laki moja na themanini elfu na mia na kitu. Riba tupu, laki moja na nusu. Malipo nafuu, laki moja na ishirini. Mkopaji anachagua, na mwezi wowote anaweza kupanda.

Wino aliweka alama kwenye nafuu. Mashine ilikuwa inahitaji mipira mipya ya kupakia wino, wateja walikuwa bado hawajazoea, na alijiambia atapanda kazi ikichanganya.

"Na hizo nyingine tunazopunguza zinakwenda wapi?" mke wake alimuuliza jioni ile. Mke wake ni fundi cherehani, anashona sare za shule kwenye kibaraza cha nyumba yao, na ana tabia ya kuuliza huku ana pini mdomoni.

"Haziendi popote. Deni litachelewa kuisha, basi. Badala ya miaka kumi, kumi na mitatu."

"Haya, Wino. Wewe ndiye mwenye hesabu."

Hakuwa na hesabu hiyo. Alikuwa na namba, ambazo ni kitu kingine.

Mwezi wa nne baada ya mkopo, chama kilimpa kazi ya kuchapa vitabu vyake vya risiti. Karani alileta mchoro wenye safu tano: tarehe, jina, kiasi, sahihi, salio. Wino aliutazama, akachukua rula. Kwa safu tano karatasi moja ilitoa risiti mbili. Ukiondoa moja, zinatoka tatu.

"Hili salio mnaliweka la nini?" alimwambia karani. "Lipo kwenye kompyuta yenu. Mtu akitaka atauliza. Liondoe, nikukatie theluthi ya bei."

Karani alifurahi, meneja alifurahi zaidi, na chama kikawa mteja wake wa kudumu. Alinieleza habari hii mwenyewe, bila kuulizwa, akiwa amekaa juu ya boksi la karatasi. Alisema ndiyo biashara nzuri kuliko zote alizowahi kufanya kwa rula.

Kwa hiyo tangu hapo kila tarehe ishirini na saba alikwenda dirishani na laki moja na ishirini elfu, akapewa risiti aliyoichapa mwenyewe, akarudi nayo dukani. Hakuzirundika kwenye mfuko wa plastiki kama wengine. Alizipanga, akazitia gundi mgongoni, akazijalidi kwa kadi ngumu ya kijani. Hakuchelewa mwezi hata mmoja. Mwaka wa pili kazi ilichanganya kweli, lakini kijana wao wa pili alikuwa chuoni, na ile nafuu ilikuwa imeshazoeleka kama kiatu. Mchapaji mwenzake wa ng'ambo ya barabara, ambaye walitaniana tangu ujana, alikuwa akimpitia akiwa njiani.

"Wino, bado unalea ng'ombe wa watu?"

"Nimemlea mpaka kwato. Kwato nne na mkia zimeshakuwa zangu."

Barua ilikuja baada ya malipo ya arobaini na saba. Ilikuwa karatasi moja, na Wino aligundua kwanza kwamba imechapwa vibaya, ukingo wa kushoto umepinda. Halafu akasoma. Salio la mkopo wake limevuka ukomo wa milioni kumi na mbili uliowekwa kwenye mkataba. Kuanzia mwezi ujao malipo nafuu yamefungwa, na anatakiwa kulipa laki mbili na sabini na mbili elfu mia mbili na tano kila mwezi. Akishindwa, dhamana itachukuliwa.

Alicheka. Aliniambia alicheka kwa dhati, akidhani ni barua ya mtu mwingine. Akachukua kile kitabu cha kijani kwapani, akaenda.

Afisa mikopo ni binti wa umri wa mtoto wake wa kwanza, mpole, mwenye miwani anayoisukuma juu kwa kidole cha kati. Alimkaribisha kiti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nimeleta barua ya watu, imeingia kwangu."

Binti aliisoma, akafungua kompyuta, akalinganisha namba ya mkopo. "Ni yako, baba."

Wino akaweka kitabu mezani. "Hesabu. Risiti arobaini na saba. Milioni tano na laki sita na arobaini. Nimekopa kumi. Zimebaki nne na kitu. Hiyo kumi na mbili mmeiokota wapi?"

Binti hakubishana. Aligeuza kioo cha kompyuta kimwelekee, akaweka kalamu kwenye mstari wa kwanza. "Mwezi wa kwanza unadaiwa milioni kumi. Riba yake, moja na nusu kwa mia, ni laki moja na nusu. Wewe umeleta laki na ishirini. Imepungua elfu thelathini. Hiyo thelathini haikusamehewa, baba. Imeingia kwenye deni."

"Endelea."

"Mwezi wa pili unadaiwa milioni kumi na elfu thelathini. Riba inapigwa juu ya hiyo yote. Laki moja na nusu na mia nne hamsini. Umeleta laki na ishirini. Pengo limekuwa thelathini elfu mia nne hamsini. Nalo limeingia."

"Riba juu ya riba."

"Ndiyo. Mwezi uliopita riba ilikuwa laki moja na sabini na tisa elfu na mia tano. Pengo karibu elfu sitini, mara mbili ya lile la kwanza. Kila mwezi deni linanenepa, na kila mwezi linanenepa zaidi."

Wino alishuka na kidole mstari kwa mstari, mpaka wa arobaini na saba: milioni kumi na mbili, elfu ishirini na sita, mia tano hamsini na nane. Kidole kiliacha alama nyeusi kwenye kioo. Binti hakuifuta.

"Kwa hiyo milioni zangu tano hazikugusa hata senti ya zile kumi."

"Hazikugusa."

"Ningeleta laki moja na nusu kila mwezi?"

"Deni lingesimama pale pale kumi. Ungeleta ile kamili, leo lingekuwa linashuka."

"Na hili mngeniambia lini?"

Binti alisukuma miwani. "Imeandikwa kwenye mkataba, baba, ukurasa wa sita. Na taarifa ya salio tunatoa kwa anayeomba. Zamani ilitaka kuwekwa kwenye risiti." Hakuwa ameajiriwa wakati ule, hakujua aliyeitoa. "Sijui kwa nini hawakuiweka."

Wino alikifunika kitabu chake cha kijani. Alisema, "Karatasi ilikuwa haitoshi," akaaga.

Nyumbani mke wake alisikiliza mpaka mwisho, na safari hii alitoa pini mdomoni.

"Laki mbili na sabini. Duka linaingiza ngapi ukishatoa karatasi na kodi?"

"Laki mbili na nusu, mwezi mzuri."

"Basi hatuna la kubishana."

"Mama, bila mashine mimi ni nani?"

"Ni mtu mwenye deni la milioni kumi na mbili," alisema. "Na ukingoja mwezi mwingine, ni lile lile na zaidi. Bora tuiuze wenyewe kuliko waipige mnada."

Chama kilikubali, mradi fedha zote ziende kwenye salio. Mnunuzi alikuwa yule mchapaji wa ng'ambo ya barabara. Alitoa milioni nne, na hakufanya utani wowote siku ile. Ilibidi fremu ya mlango ivunjwe ili mashine ipite. Nilikuwepo, nilikuwa nimekuja kuchukua kadi zangu. Wanaume sita waliisukuma juu ya mabomba ya chuma, na Wino alitembea kando yake ameshika kitambaa, akifuta mafuta yanayodondoka barabarani kama mtu anayeona aibu kwa ajili ya mgonjwa.

Salio likashuka hadi milioni nane, elfu ishirini na sita na mia tano hamsini na nane. Siku aliyokwenda kuandikiwa malipo mapya, Wino alipiga hesabu mwenyewe nyuma ya bahasha kabla binti hajafungua kompyuta. Riba ya mwezi: laki moja na ishirini elfu, mia tatu tisini na nane. Ile laki na ishirini yake ya miaka yote ingepungua kwa mia tatu tisini na nane tu, na deni lingeanza tena kupanda, polepole, bila mashine. Alimwonyesha binti bahasha. Binti alisema hesabu ni sahihi.

Malipo mapya ni laki moja na themanini na moja elfu, mia sita sabini na moja, kwa miezi sabini na tatu. Ni karibu sawasawa na ile kamili aliyoikimbia mwanzoni, tofauti ni kwamba wakati ule angekuwa na mashine. Ana miaka hamsini na sita. Akimaliza atakuwa na sitini na mbili.

Sasa ameajiriwa ng'ambo ya barabara, anaendesha mashine ile ile kwa mshahara. Mshahara wote unakwenda chamani. Wanakula kwa sare za shule. Mwenzake anamlipa kwa wakati na hamwiti Wino tena mbele ya wateja, anamwita "fundi mkuu", jambo ambalo Wino aliniambia linamuuma kuliko utani.

Nilimsindikiza chamani alipopeleka malipo ya kwanza. Karani alichana risiti, ya safu nne, akampa. Wino hakuondoka dirishani. Aliigeuza, akairudisha chini ya kioo.

"Niandikie salio hapo nyuma."

"Mzee, foleni ndefu."

"Naiona. Andika."

Karani aliandika kwa kalamu: 7,965,285. Wino alitoa bahasha yake mfukoni, akalinganisha tarakimu moja moja huku watu wakiguna nyuma yetu. Elfu sitini na moja zilikuwa zimeshuka. Akaikunja risiti mara moja, akasogea pembeni, akaniomba nimshikie mlango kwa sababu mikono yake ilikuwa na rangi.