Hunifika Sikioni

Watu huniita Fundi Picha, na ubishi wangu mtaani kote wanaujua. Nikishika picha chakavu, sitaki mtu anifundishe kazi.

Mwalimu mmoja alinijia na picha mbili. Ya kwanza, familia yao imejipanga mbele ya nyumba, mama katikati. Ya pili, marehemu dada yake amesimama mlangoni, mlango ni ule ule. Alitaka dada atiwe kando ya mama.

"Fanya haraka, fundi. Mama macho yanakwisha. Daktari anasema ni suala la siku tu. Anataka awaone wote pamoja kabla giza halijamfunika."

"Basi niachie."

"Tena anasema, kwa kimo, dada alimfika sikioni."

"Kaka, watu husahau. Mlango hausahau."

Kwanza nilimpima dada kwa macho tu, hata mlango wenyewe sikuutazama. Akatoka jitu, kampita mama kichwa kizima. Mwalimu akairudisha: mama ameitazama, amelia, amesema huyu si mwanawe.

Hapo nikaugeukia mlango. Nilimpunguza dada mpaka akalingana na mlango kama kwenye picha yake, halafu nikamsogeza mbele, kando ya mama. Nikaikabidhi kwa mbwembwe. Siku ya tatu ikarudi.

"Mama anauliza mtoto huyu ni wa nani," mwalimu alisema. "Fundi, jana alinigusa uso ndipo akanijua."

Nilitoa picha, nikaitazama vizuri. Lahaula! Familia imesimama hatua nne mbele ya mlango. Kitu kilicho karibu na kamera huonekana kikubwa, cha nyuma kidogo. Nilimpa dada kipimo cha mlango ulio nyuma yao, nikamsimamisha mbele na watu wakubwa. Lazima aonekane mtoto! Kipimo sahihi kilikuwa mama mwenyewe, aliyesimama pale pale. Na neno lake nililipuuza. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila hapa guu lililovunjika si langu.

Nilikaa kwenye kompyuta. Nikalinganisha nyayo za dada na za mama, nikamkuza mpaka utosi wake ukafika sikio la mama. Mara akawa mtu wa familia. Nikachapisha, nikakimbia nayo mwenyewe.

Mama alikuwa ameketi kitandani. Alipokea picha, akaielekeza dirishani, akaigeuza, akaisogeza mpaka ikagusa pua.

"Mwanangu, washeni taa."

Ilikuwa saa saba mchana. Mwalimu akatoka nje. Mimi nilipiga magoti, nikasema yote: kosa ni langu, picha imechelewa kwa ubishi wangu, nisamehe mama.

Mama akaipapasa picha kwa kidole. Akauliza, "Kichwa chake kinafika wapi?"

"Sikioni pako, mama."

Akainua mkono polepole, akagusa sikio lake, akauacha hapo.

"Ndiye," alisema.