Kitako cha Gunia

Mama yangu alikuwa mpishi wa harusi. Nasema alikuwa, na kila nikilitamka neno hilo damu inanichemka. Nyarugusu nzima, mwenye duara, shimo la kuchimba dhahabu, akioza binti au akioa, swali la kwanza halikuwa ukumbi wala muziki. Waliuliza kama mama yangu ana nafasi wiki hiyo. Wali wake ulichambuka punje kwa punje, ukanukia hadi barabarani, na wachimbaji waliotoka shimoni na vumbi hadi kwenye kope walisimama nje ya uzio wakisingizia wanamtafuta mtu.

Siri yake haikuwa mkono peke yake. Mama alisema mpishi anayejisifu mkono huku hajui kununua mchele ni sawa na fundi cherehani asiyejua kitambaa. Alizaliwa Shinyanga, vijaruba vya mpunga vikiwa nyuma ya nyumba yao, na alinifundisha tangu nikiwa mdogo. Siku hizi kila mchele ni Supa mdomoni mwa muuzaji, alisema, kwa hiyo usimsikilize, uliza punje. Punje ya Supa ni ndefu na nyembamba, na ukiiinua juani inapitisha mwanga kidogo. Nyeupe kama chaki iache. Chukua kiganja, upulizie pumzi ya moto, halafu nusa. Kama ni Supa, harufu itaamka. Halafu uma punje moja. Mchele uliokaa ghalani miezi kadhaa unavunjika kwa sauti, huo unakunywa maji mengi na kuchanua. Mchele mpya unakubali jino taratibu. Si mbaya, ila unataka maji machache na mpishi anayejua kwamba ni mpya, la sivyo unageuka bokoboko.

Jambo la mwisho alilisema kila mara kana kwamba ni jipya. Choma gunia mdomoni, choma kiunoni, choma kitakoni. Mwizi hakai mlangoni.

Kwa kazi hiyo alikuwa na bambo lake mwenyewe, kile chuma chembamba chenye mfereji ambacho ukikichoma ubavuni mwa gunia mchele unatiririka hadi kiganjani. Lilikuwa limelika ncha kwa miaka. Alilikunja ndani ya kipande cha kanga na kukifunga fundo la kwake, la kupitisha mara mbili, ambalo mimi sijawahi kuliweza.

Basi akapata kazi kubwa kuliko zote. Mwenye maduara matatu alikuwa anaoza binti yake wa kwanza, na alitaka wali mweupe, si pilau. Pilau linaficha mengi, wali mweupe hauna pa kujificha. Mama magoti yalikuwa yanamsumbua, safari ya Shinyanga hakuiweza. Akanipa mimi lile bambo, fundo likiwa limekazwa, akasema, "Gunia moja la kilo mia. Supa uliokaa. Usinunue kwa macho."

Mimi ni mwanamke mzima, nina kibanda cha vitenge na watoto wawili. Sikwenda kama mtoto aliyetumwa chumvi. Ndiyo maana sina wa kumsingizia.

Sokoni Shinyanga nilifika asubuhi. Duka la tatu alikaa mzee mmoja, kofia safi, fimbo magotini. Akanisalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mwanangu." Nikapiga magoti, nikampa shikamoo kama nilivyolelewa. Akaitikia marahaba, kisha akaniuliza mama yangu ni wa wapi na ni wa ukoo gani. Nilipomjibu akapiga kofi pajani. "Kumbe! Basi wewe mjukuu wangu kabisa. Bibi yako na mama yangu ukoo mmoja. Inuka, mjukuu wangu, inuka."

Akaniletea kiti na chai. Akafungua gunia mwenyewe, akachota kiganja. Nikaangalia punje: ndefu, nyembamba. Nikapulizia, nikanusa, harufu ikaja. Nikauma, ikavunjika kwa sauti. Kila kitu kilikuwa kama alivyosema mama. Nikaingiza mkono kwenye mkoba kutoa bambo.

Mzee akaliona lile furushi la kanga. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alicheka, akawageukia wateja wengine wawili waliokuwa pale na kuwaambia, "Tazameni mambo ya siku hizi. Mjukuu anamchoma babu yake bambo."

Wakacheka. Nami nikacheka, kicheko cha kijinga ambacho ninakisikia hadi leo. Nikarudisha furushi kwenye mkoba. Niliona aibu! Nimetoka kumpigia magoti, nimekunywa chai yake, halafu nimwambie kwa chuma kwamba simwamini? Nikasema, "Hapana, babu, nilikuwa natafuta simu." Gunia likashonwa, likapakiwa kwenye basi.

Nyumbani mama aliuliza swali moja tu. "Ulichoma kotekote?"

"Kotekote, mama."

Ningesema kweli hapo, kazi ingepona, maana kulikuwa na siku mbili za kutafuta gunia jingine. Nilidanganya kwa sababu nilijiambia mzee yule hawezi kunifanyia hivyo. Mama akachota vikombe viwili mdomoni mwa gunia, akavipika jikoni kwake kupima maji, wali ukachanua vizuri mno. Akaridhika, akakariri kipimo chake.

Siku ya harusi wanawake wanane walikaa na nyungo zao kuchagua mchele. Walitafuta mawe na chenga, wakayatoa, kazi yao wakaifanya. Hakuna aliyetafuta mchele wa mbegu nyingine. Mama alikuwa kwenye mafiga, moshi machoni, akipokea mchele uliokwisha kuoshwa na kuumimina kwenye masufuria makubwa yaliyojaa maji aliyoyapima kwa ajili ya Supa uliokaa.

Sufuria la kwanza lilitoka salama. La pili mama akalifunua. Akachota kwa mwiko, akafinya kati ya vidole. Nusu ya punje zilikuwa zimepasuka na kuwa gundi, na ndani ya gundi hiyo nusu nyingine zilikaa na kiini kigumu. Sasa nieleze hapa, maana watu walisema upuuzi mwingi baadaye. Ukichanganya mchele wa zamani na mchele mpya wa mbegu nyingine, hakuna mpishi duniani wa kukuokoa. Maji yanayomtosha mmoja yanamzamisha mwenzake. Yule mpya anaiva upesi, anashikamana, anaziba njia ya mvuke, na yule mkavu anabaki amekwama katikati hajaiva. Ukiongeza maji unaongeza gundi, ukiongeza makaa juu ya kifuniko unaunguza ukoko. Mama alijaribu yote mawili. Sufuria la tatu na la nne yalikuwa hivyo hivyo, na wageni walikuwa wamekwisha kukaa.

Wali ulipakuliwa kwa mwiko uliozama kama kwenye ugali. Shangazi wa bibi harusi, mwanamke mwenye mdomo mrefu kuliko busara, akapiga picha sinia na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la kikoba, chama chao cha kuweka akiba. Akaja hadi jikoni kusema mbele ya wote, "Mama, mkono umezeeka. Ungetuambia mapema tutafute mwingine."

Mama akajibu, "Mnisamehe."

Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka pale, nimeshika ungo. Nilikuwa nimekwisha kuutazama mchele uliobaki na kuona, pembeni ya punje ndefu, punje fupi nene, nyingi, nyeupe kama chaki. Nilijua kila kitu. Nikainamia ungo, nikaendelea kupepeta. Nawachukia wale waliomcheka mama, namchukia yule shangazi na simu yake, lakini mtu niliyemchukia zaidi siku ile alikuwa ameshika ungo.

Kesho yake mama aliniomba bambo. Alitaka kuchoma gunia lililobaki, aone mwenyewe. Nikamletea furushi. Akaliweka mapajani, akaligeuza, vidole vyake vikasimama juu ya fundo. Lilikuwa lake. La kupitisha mara mbili, limekazwa vilevile alivyolikaza yeye.

Hakunitazama. Alilifungua kwa meno, akachoma kitako cha gunia, mchele ukamwagika kiganjani mwake, akautandaza kwa kidole. Nikaanza kulia na kusema, nikamweleza mzee, ukoo, chai, kicheko. Nikasema ninakwenda kwa mwenye harusi sasa hivi, na ungo, nitenganishe punje mbele yao, nipike masufuria mawili, wajue ni mchele na si mkono wako.

"Kaa chini," mama akasema. "Nikisema ni mchele, watauliza nani aliununua. Mimi mkono wangu umezeeka kweli, hawakosei sana. Wewe una biashara, bado unataka kuaminiwa na watu."

Kikulacho ki nguoni mwako, husema wahenga, na mimi nilidhani wanamsema yule mzee.

Harusi mbili zilizokuwa zimemuomba zikamtumia watu kusema samahani, wamepata mpishi mwingine. Mchele uliobaki mama aliuloweka, akausaga, anauza vitumbua asubuhi kwa wachimbaji. Vitumbua havijali mbegu, anasema, na anacheka. Mimi sicheki.

Mwezi uliofuata nilipanda basi la Shinyanga bila kumuaga, furushi lake la bambo likiwa mkobani. Mzee alikuwa pale pale, kofia safi, fimbo magotini. Mbele yake walisimama mama mmoja na binti yake waliokuja kununua mchele wa msiba, gunia limefunguliwa mdomo, na yule binti ananusa kiganja chake na kutabasamu.

"Aa, mjukuu wangu!" akasema. "Umerudi kwa babu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Tangu basi lilipopita Kahama nilikuwa nikiyapanga, makubwa nyuma ya makubwa. Lakini magoti yangu yalilelewa na mama yangu, yakajikunja yenyewe. Nikapiga magoti pale sakafuni, kando ya gunia lao, nikasema, "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Inuka, inuka."

Sikuinuka. Nikiwa nimepiga magoti hivyo, nikaona kwamba uso wangu umetazamana na kitako cha gunia. Nikafungua furushi la mama na kuchoma pale chini. Mchele ukanitiririkia kiganjani, punje fupi nene, nyeupe kama chaki. Nikakinyoosha kiganja kwa yule binti.

"Uma," nikamwambia.