Alama Arobaini za Mwalimu Ithungu

Nimefanya kazi na wakaidi wengi, lakini hakuna aliyewahi kunichosha kama Mwalimu Marita Ithungu. Nasema hivyo nikijua kwamba, karibu mara zote, yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Hilo ndilo lililochosha.

Alizaliwa Munkunyu, kwa wakulima wa pamba, na alipoanza kufundisha hesabu katika shule yetu ndogo ya jirani na kambi ya jeshi, nje kidogo ya Bwera, alikuwa na jozi moja ya viatu na hasira ya watu watatu. Mume wake, Eriya, aliuza kahawa mpakani na alikuwa mtu wa kucheka. Ithungu alicheka Jumapili, baada ya kanisa, kama hakukuwa na madaftari ya kusahihisha.

Shuleni kwetu mitihani yote ilikuwa ya alama hamsini. Ili kupata asilimia, mwalimu alizidisha mara mbili, basi. Mwenye thelathini ana sitini, mwenye arobaini ana themanini. Tuliiita "kudabo". Mimi nilidabo miaka tisa bila kujiuliza kwa nini, na naona haya kusema hivyo, maana nami ni mwalimu.

Mwaka 2014, mwisho wa muhula wa tatu, karatasi za darasa la sita zilichapwa Kasese na kuletwa kwa bodaboda asubuhi yenyewe ya mtihani wa hesabu. Watoto walipofungua, ukurasa wa mwisho ulikuwa mweupe. Hedimasta Kezironi aliamuru maswali ya ukurasa huo yafutwe. Yalikuwa ya alama kumi. Mtihani ukabaki wa alama arobaini, na kila mtu akasikia.

Alisikia pia Masereka, mwalimu wa taaluma, mwenye kazi ya kuandika matokeo. Alisikia, akarudi mezani kwake, akadabo.

Sheria ya shule ilikuwa kwamba asiyefikisha asilimia sitini katika hesabu haingii darasa la saba. Anarudia la sita. Matokeo yalipobandikwa ukutani, nusu ya darasa ilikuwa imeanguka. Kesho yake Sajenti Onen, baba yake Sylivia, aliingia ofisini na magwanda yake, karatasi ya bintiye mkononi.

"Mwalimu, mutoto yangu iko na ishirini na tisa," akasema. "Mbona munaandika hamsini na nane, munasema anguka?"

"Afande, hiyo ndio hesabu," Masereka akajibu. "Ishirini na tisa mara mbili. Wewe hesabu mwenyewe."

Ithungu alikuwa akisahihisha pembeni. Nilimsikia akifyonya, nikajua siku yangu imeharibika.

"Afande Onen," akasema, "ukienda kulenga shabaha, ukipewa risasi arobaini, ukagonga ishirini na tisa, mukubwa yako atakuuliza juu ya risasi kumi hakukupa?"

"Hapana. Ataniuliza ya arobaini tu."

"Sasa huyu mwalimu anauliza mutoto juu ya risasi hakupewa."

Akachukua chaki. Ishirini na tisa gawanya kwa arobaini, zidisha kwa mia: sabini na mbili na nusu. Kisha akamgeukia Masereka. "Na mutoto akipata yote arobaini, hakosi hata moja, kwako iko na ngapi?"

Masereka alihesabu kwa midomo. "Themanini."

"Hiyo ishirini amekosea wapi?"

Onen alicheka kwa sauti ya paredi. Mtu mwenye akili angeishia hapo. Lakini sikio la kufa halisikii dawa, na Masereka hakutaka kushindwa mbele ya mwanajeshi. Ghafla uso ukamng'aa.

"Basi ni rahisi, Madamu. Kumi zilipotea. Kumi mara mbili ni ishirini. Tunaongeza kila mutoto ishirini juu ya ile iko ukutani. Tunamaliza!"

Hedimasta, aliyekuwa amesimama mlangoni akisikiliza, akasema, "Vizuri sana." Nami, Mungu anisamehe, niliona ni vizuri. Tulitaka kwenda nyumbani.

"Iko mbaya kuliko ya kwanza!" Ithungu akapiga meza.

"Mbaya namna gani? Angalia Magidu. Amepata thelathini na nane. Mimi nampa tisini na sita, wewe unampa tisini na tano. Unagombana juu ya moja?"

"Juu iko karibu. Shuka chini. Mwenye kumi ni robo ya arobaini, ni asilimia ishirini na tano. Wewe unampa arobaini. Na Katembo?"

Katembo alikuwa na malaria wiki nzima, hakukanyaga shuleni, na kwenye orodha alikuwa na sifuri.

"Katembo amelala kwao kitandani," Ithungu akasema, "na wewe umemupatia ishirini."

Alitueleza polepole, kama tulivyokuwa tukiwaeleza watoto, na hiyo iliniudhi zaidi. Jumla ikiwa arobaini, kila alama moja ina thamani ya mbili na nusu. Mwenye alama nyingi anapata nyongeza kubwa, mwenye chache anapata ndogo, mwenye sifuri hapati kitu. Huwezi kugawa ishirini ishirini kama sabuni ya msaada.

Masereka alikuwa akipitisha kidole kwenye orodha. Kidole kikasimama. Alipozungumza tena hakuwa na ubishi, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Madamu, Lillian wako iko na ishirini na tatu."

Lillian alikuwa bintiye wa kwanza, na Ithungu ndiye mwalimu wa darasa lake. Wote ofisini tuliweza kupiga hesabu hiyo. Ishirini na tatu mara mbili, arobaini na sita; ongeza ishirini, sitini na sita, amepita. Kwa njia ya Ithungu, ishirini na tatu mara mbili na nusu ni hamsini na saba na nusu. Ameanguka.

"Ninajua," Ithungu akasema. "Nilisahihisha mimi."

Hedimasta alikohoa. Akasema nusu ile inaweza kupandishwa.

"Ukiipandisha ni hamsini na nane, hedimasta. Sitini iko wapi hapo?"

Nilimkasirikia vibaya sana. Nilimwambia mbele ya wote kwamba ana kichwa cha jiwe, kwamba hakuna mtu ambaye angeuliza, kwamba mtoto ni mtoto. Alivuta orodha, akaanza upya na jina la kwanza, watoto hamsini na wawili, mmoja mmoja. Sylivia alipita. Watoto kumi na wanane wengine waliokuwa wameangushwa walipita. Wale saba ambao ishirini ya Masereka ingewavusha walibaki, na Lillian mmoja wao.

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Ithungu hakumchelea mwana, na jioni ile nilimkuta nyuma ya choo cha walimu akilia vilevile. Nilirudi nyuma asinione.

Ijumaa tulijaza ripoti. Meza yangu iliangaliana na yake, kwa hiyo niliona. Kwenye ripoti ya Lillian aliandika 57.5, akaandika "arudie", akatia sahihi kwenye mstari wa mwalimu wa darasa. Kisha akashuka mstari mmoja, pale palipoandikwa "mzazi", akatia sahihi ileile.

Akachukua ripoti iliyofuata.